Kianzio cha Mama Mkwe

Kitanda cha duara kilikuwa kimejaza karakana nzima. Bwana harusi aliyekiagiza aliachwa na mchumba wake, akazima simu, akayeyuka. Fundi, kwa roho yake nzuri, hakuwa amemdai hata senti mbele. Wateja walikisifia sana kile kitanda, lakini kukinunua, wapi! Nani ana godoro la duara?

Tangu hapo fundi akajiwekea sheria: nusu ya bei kwanza, ndipo msumeno uguse mbao. Hela aliyobaki nayo ilitosha mbao za kazi moja tu. Angetokea mteja mwingine wa kuyeyuka, angefunga karakana na kwenda kuomba kibarua kwa jirani yake, yule mwenye kicheko cha dharau.

Sheria ikaenda vizuri mpaka mama mkwe alipotaka kabati.

Lilikuwa la kukaa chini ya ngazi za nyumbani kwake, refu upande mmoja, fupi upande wa pili, juu limekatwa mshazari. Fundi alipima huku jasho likimtoka. Kabati kama hilo lisipoingia pale, haliingii kwa mtu yeyote duniani. Alimtupia mkewe jicho la kuomba msaada. Mkewe akageukia dirishani.

"Mama," akasema, "huwa tunaanza na kianzio."

"Kiasi gani, mwanangu?"

"Nusu. Ndiyo inanunua mbao. Inayobaki unamalizia siku ya kuchukua kabati."

Mama mkwe akavua miwani.

"Mimi? Mimi nilikupa binti yangu hata mahari hujamaliza!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini maji alikwisha kuyavulia nguo.

"Ni kweli, mama. Na ile mahari iliyobaki, mmeipata?"

Mkewe akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimcheza. Kisha mama mkwe akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo ndiyo kazi ya kutoa mali kabla ya malipo!" akasema akijifuta machozi. Akafungua pochi, akahesabu nusu kamili, akamwekea mkononi. "Niandikie risiti. Andika bei, vipimo na siku ya kuchukua."

Fundi akaandika haraka, roho imemtulia. Mbao zimelipiwa, karakana imepona.

"Sasa ile nusu ya pili," akaendelea mama mkwe, "usiisubiri. Ihesabu ndiyo mahari uliyobakiza. Andika hapo chini: hakuna anayemdai mwenzake."

Fundi akapiga hesabu kichwani. Faida yote imekwenda, jasho lake bure. Akafungua mdomo kulalamika, lakini mkewe alikwishageuka kutoka dirishani, machozi ya kweli yakimlengalenga.

"Andika, mume wangu," akamwambia. "Miaka yote hii mashangazi wananiita mke wa mkopo."

Fundi akaandika: hakuna anayemdai mwenzake.