Kuku Hakufunga Bei

Honoré, katekista kutoka Walikale, aliingia magazini ya Masisi, duka la vifaa vya ujenzi, miguu imevimba kwa safari, akauliza mabati ya kanisa lake yako wapi. Athanase, karani, akaitafuta karatasi ya bei aliyomwandikia, akachoka hata kabla ya kusema.

"Papa Honoré, hii bei iliisha jana. Haukutia sahihi ya kukubali, na mzungu wetu, jeran mwenye kuongoza magazini, hakutia yake. Komande haiko, ni kama haukuagiza kitu."

"Nilimupa jeran kuku mbele yako! Akapokea, tukashikana mikono. Kwetu hiyo njo kufunga maneno."

"Hapa kuku iko mboga tu, Papa."

Honoré akaketi juu ya gunia la chumvi. Mvua zilikuwa karibu, na bei mpya watu wake wasingeiweza. Athanase alitamani kufunga mlango akalale. Akainuka hata hivyo, akampelekea jeran karatasi ofisini mwake, kwani yeye peke yake ndiye aliyeweza kuiongezea siku.

Mzungu akaisoma, akashusha pumzi. "Ile kuku ilikuwa ngumu," akasema. Akakubali bei ya zamani kwa mabati yaliyokuwa magazini tu, akaandika tarehe mpya pembeni. Mengine, yatakayoletwa baadaye na kamyo, lile lori la mizigo, yangelipiwa bei mpya.

"Itafunika upande moja wa kanisa," Athanase akamweleza Honoré. "Unakubali?"

"Nifanye nini?" Akatia sahihi.

Athanase akaandika komande, akaipeleka kwa jeran aitie sahihi yake.

"Pumuzika inje, Papa."

Honoré alikataa. Alisimama mlangoni pa ofisi, akiutazama mkono wa mzungu mpaka wino ukakauka.