Katikati ya Bomba

Ukungu wa kijiji cha Nainokanoka ulikuwa bado mzito fundi Edna alipoteremka na gari kurudi Karatu kufuata rodi za kuchomelea. Alimwacha msaidizi wake, mzee Kornelio, na genereta, mabomba na kazi moja: atoboe tundu kwenye bomba la kulala litakalotoka kwenye tangi la maji, mahali litakapochomelewa bomba la kushuka kwenye birika la ng'ombe. "Kutoka ukuta wa tangi mpaka bomba la kushuka ni milimita elfu moja mia tano," alimwambia.

Kornelio alikuwa mtu wa Singida, kibarua wa mashamba ya kahawa mpaka mkewe Bibiana alipofariki. Tangu hapo alipenda kazi yenye kelele. Alipima elfu moja mia tano kutoka mwisho wa bomba, upande wa tangi, akapiga alama, akasimamisha kipande cha bomba la kushuka mbele ya alama ile na kukizungushia chaki. Kisha akalikata tundu kwa grenda, mashine ya kukatia chuma. Wafugaji waliopita walimsalimia Kimasai. Akaitikia kwa kichwa, nao wakaenda zao.

Alipozima grenda, kimya kilimrudia. Ili asikae bure alipima kutoka tangini mpaka kipande cha bomba ambacho mwashi alikijengea kwenye zege la birika. Ukingo wa karibu, elfu moja mia nne arobaini na tatu. Akamlaumu mwashi. Akapima ukingo wa mbali: elfu moja mia tano hamsini na saba. Bomba lilikuwa na upana wa mia moja kumi na nne. Nusu yake hamsini na saba. Kipimo kilikuwa cha katikati ya bomba. Yeye alikianzia ukingoni, na tundu lake lilikuwa limesogea mbele nusu bomba.

Aliona njia. Mwisho wa upande wa tangi ulikuwa haujachomelewa. Ukikatwa milimita hamsini na saba, tundu lingerudi mahali pake. Upande wa pili ni wa kuzibwa tu, ukipungua hauharibu. Angeweza kukata na asijue mtu. Akakishika kishikio cha grenda, akakiachia. Alikuwa hajazungumza na mtu tangu asubuhi, na hili angalau lilikuwa jambo la kumweleza mtu.

Edna aliporudi, Kornelio alimwonyesha yote. Fundi alipima mwenyewe, kingo zote mbili.

"Nilipaswa kusema mpaka katikati," alisema. "Shika huku, baba."

Wakakata pamoja, wakachomelea, na bomba likakaa sawasawa juu ya lile la birika.

Njiani kuteremka Edna aliongea kwenye simu tu. Alimshusha Kornelio karibu na chumba chake, Karatu, akamwambia apumzike. Kornelio alifungua kufuli, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Alitamani kumsimulia mtu habari ya ile hamsini na saba, tangu mwanzo. Nyuma ya ukuta, kwa jirani, redio ilikuwa inaimba. Akavua kiatu kimoja, akasikiliza.