Panya Kati ya Joka na Mbwa

Katika karakana yetu ya Tainan, Taiwan, hatununui bakuli ili tulie chakula. Tunalinunua tulivunje. Tunalikata kwa koleo mpaka vipande viwe vidogo kama kucha, kisha tunavipachika kimoja kimoja kwenye umbo la chokaa, na baada ya miezi kadhaa paa la hekalu linabeba joka lenye magamba yanayowaka juani.

Nilifika pale na shahada yangu ya sanaa, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Fundi Kho Ban-seng, mwenye miaka sitini na mitano, alinipa miezi sita ya majaribio. Nikifaulu, ningepiga magoti, nimpe kikombe cha chai kwa mikono miwili, naye angenipokea kuwa mwanafunzi wake. Alishasema huyo atakuwa wa mwisho. Sikuwa nikitaka kitu kingine duniani.

Shida ni kwamba kwetu kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili wakizunguka kwa duara, na yeye alizaliwa mwaka wa Joka, mimi mwaka wa Mbwa.

"Siu-bun, hilo hukuliona kabla ya kuja?" aliniuliza Chin-tek, mtoto wa marehemu kaka yake Fundi. "Joka na Mbwa wanakaa wakitazamana kwenye duara. Huo ni mgongano kamili. Mkipanda paa pamoja mtaangushana."

"Mbona hatujaangushana bado?"

"Bado hamjapanda."

Ukweli ni kwamba tulikuwa tukigombana, Fundi nami. Nikisema rangi hii imepauka, yeye anasema macho yangu ndiyo yaliyopauka. Nilimpenda yule mzee kwa moyo wote, lakini kila tulipogusa kazi moja, cheche ziliruka.

Chin-tek alikuja na dawa. "Baba Mdogo, mimi ni Jogoo," alimwambia Fundi. "Jogoo na Joka ni wenza. Niweke katikati yenu. Ukishakumbatiana nami, utasahau kugombana naye."

Fundi alikubali. Mimi pia nilikubali, kwa furaha.

Kwa wiki tatu Fundi aliimba akifanya kazi. Jogoo na Joka walielewana kama chanda na pete. Ila mimi nilianza kunyauka. Chin-tek hakunifokea hata siku moja. Alisahau tu kuniambia chokaa imebadilishwa. Alisahau kuniita wakati wa uji. Nami, niseme kweli, nikaanza kuficha koleo zuri na kumjibu kwa neno mojamoja. Hatukupigana. Tulioza.

Kisha asubuhi moja Fundi akakuta safu nzima ya magamba ya tumbo imepachikwa kijani cha mgongoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, Fundi. Niliambiwa tumbo ni kijani."

"Nilisema kijani kikavu, kile kilichopauka," alisema Chin-tek bila kuinua kichwa. "Sikusema hicho."

Fundi alibandua gamba moja kwa ukucha. Kibaya zaidi, hakupiga kelele. "Nimejaribu, binti. Nimeweka hata mtu katikati. Leo maliza ulichonacho, kesho usije."

Nilikaa kwenye kigoda karibu na Shangazi Siok-kheng, mwanamke wa miaka hamsini na saba anayekata vipande pale dirishani. Kwa miaka thelathini kila gamba lililopanda paa lilipita kwenye koleo lake, naye hajawahi kupanda ngazi.

"Lia baadaye," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hayo mambo ya Joka na Jogoo, bibi yako aliyekuwa akisoma nyota za watu si alikufundisha? Yamekaa sawa?"

Nikachukua mabakuli kumi na mawili ambayo hayajavunjwa, nikayapanga mezani kwa duara kama saa.

"Sasa anatuandalia karamu," Chin-tek alicheka.

"Fundi, nipe dakika kumi. Halafu naondoka."

Mzee alivuta kiti.

"Hili la juu ni Panya," nilisema. "Anafuata Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa, Nguruwe. Joka ni la tano, Mbwa la kumi na moja. Yanatazamana. Mgongano, sibishi."

"Hata mtoto anajua."

"Mwenza wa Joka ni Jogoo. Hilo nalo kweli. Lakini Mbwa naye ana mwenza." Niliweka uzi kutoka Mbwa hadi Sungura. "Huyu. Na anayetazamana na Sungura ni nani?"

Fundi alifuata kwa kidole, akavuka duara. Kidole kikatua. "Jogoo."

"Anayegongana na mwenza wangu ananidhuru mimi. Ndiyo maana Jogoo na Mbwa ni dhara. Na upande wa pili ni vilevile: mwenza wa Jogoo ni wewe, nami nagongana nawe, kwa hiyo namdhuru yeye. Mgongano una kelele, Fundi. Dhara halina. Chin-tek hakunifanyia ubaya peke yake, nami nilimfanyia. Koleo zuri liko chini ya gunia langu."

Chin-tek aligeuka kutazama gunia. Masikio yalimwiva.

"Basi tumtafute Sungura, mwenza wako," Fundi alisema.

"Sungura anakudhuru wewe. Mwenza yeyote wa mmoja wetu ni dhara kwa mwingine. Tulikosea kutafuta wenza. Tutafute utatu, wanyama watatu wanaoshikamana." Nilizungusha uzi kutoka Joka, nikihesabu mabakuli manne manne. "Panya, Joka, Nyani. Hao ni utatu wa maji. Hakuna mwingine kati yao anayenigonga wala kunidhuru, ila wewe tu."

"Mtoto wa dada yangu ni Nyani. Tumwite?"

"Hatatosha. Panya ndiye kiini cha huo utatu. Nyani na Joka bila Panya hawashikamani vizuri. Panya na Joka, hata wakiwa wawili, wanashika."

"Panya tutamtoa wapi, binti? Mafundi wote wa hapa nawajua miaka yao."

Koleo la dirishani likanyamaza.

"Mafundi, ndiyo," alisema Shangazi Siok-kheng. "Mimi mwaka wangu hujawahi kuniuliza."

Fundi alihesabu kwa vidole, hamsini na saba kurudi nyuma. Akahesabu tena. "Panya," alisema, kama mtu aliyepata pete yake mfukoni mwake mwenyewe. "Miaka thelathini, na sijauliza."

"Ulikuwa na kazi nyingi."

"Usinitetee, dada."

Kesho yake nilikuja. Tulibandua tumbo lote tukaanza upya. Shangazi alikaa kati yetu, na ajabu ni kwamba hakusuluhisha kitu. Fundi aliponifokea, yeye alimnyooshea gamba na kumwuliza lipi linafaa, na mzee, aliyeheshimu mikono ile kuliko alivyowahi kukiri, alijibu taratibu. Chin-tek alichukua kazi ya kupamba ndege wa ukingo wa pili wa paa, akaanza kuniletea uji wangu. Mimi nilimrudishia koleo.

Siku ya kupandisha joka, Shangazi alisimama chini ya ngazi akifuta mikono kwenye aproni.

"Panda," Fundi alisema. "Wewe kwanza. Mbwa nyuma yako. Mimi mwisho."

Alipanda. Juu kule, jua likiwa limeelekea magharibi kidogo, aliweka kiganja kwenye tumbo la joka na kuanza kuyatambua magamba: hili lilikuwa sahani ya samawati, hili lilinikata kidole, hili lilikataa kukatika. Wazee wa hekalu waliokuwa chini walivua kofia. Hakuna aliyewaambia wavue.

Fundi alitoa chupa ya chai mfukoni, akamimina kwenye kifuniko, akanipa.

Nilipiga magoti palepale kwenye vigae. Nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa nusu. Kisha akamgeukia Shangazi, akampa nusu iliyobaki kwa mikono miwili pia, na akainamisha kichwa.