Mistari Mia Mbili na Kumi na Nne

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, bila kupigiwa kura na mtu yeyote, natangaza rasmi kwa wananchi wa Homa Bay, Migori na vitongoji vyake kwamba mnamo Agosti 1999 taasisi yetu tukufu ilishambuliwa na majeshi ya kigeni. Majeshi hayo yalitoka pande zote za dunia. Yalikuja mchana na usiku. Yalibisha langoni mara mia mbili na zaidi kwa wiki moja, na hakuna askari hata mmoja aliyeinua kichwa.

Taasisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vilivyopakwa chokaa karibu na ziwa, na choo kimoja ambacho ufunguo wake ulining'inia kwenye mwiko. Na majeshi hayakuvunja hata kikombe.

Tulikuwa mradi wa magugu maji. Kila wiki watu wetu walipima gugu lilivyoziba ghuba, na ramani ziliwekwa kwenye tovuti ili wafadhili wazione huko kwao kwenye baridi. Wafadhili ndio waliotuwekea dishi juu ya paa na kompyuta moja ya kijivu iliyokuwa haizimwi kamwe, inayoitwa seva. Nasema "tulikuwa", lakini mimi nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka shule ya bweni ya wasichana, niliyeletwa ofisini wakati wa likizo na Aunty Phelesia, karani wa mradi, kwa sababu nikibaki nyumbani kwake nilikuwa nafundisha wanawe tabia mbaya.

Bwana wa seva alikuwa Mniko, kijana wa Ntimaru, Mkuria pekee katika ofisi iliyojaa Waluo. Alikuwa mpole na mwenye vidole virefu, na aliposema "la" ilitoka "ra". Mara ya kwanza aliponiambia "Mourine, hiyo kompyuta imerara," nilienda chooni kucheka, mwiko mkononi.

Mniko ndiye aliyenifundisha logi.

"Seva ina daftari," aliniambia. "Kila anayekuja kuomba kitu, anaandikwa. Nani ameomba, saa ngapi, ameomba nini, na amejibiwa nini. Mia mbili maana yake amepewa. Mia nne na nne maana yake hakuna kitu kama hicho."

Nikasoma. Mtu kutoka mahali fulani alikuwa ameomba `/cgi-bin/phf`. Sekunde hiyo hiyo akaomba `/cgi-bin/test-cgi`. Halafu `/msadc/msadcs.dll`. Halafu faili la nywila. Kila mahali 404, 404, 404.

"Huyu ni mwizi!" nikasema, kwa furaha kubwa.

"Huyu si mtu. Ni programu. Inapita namba zote za mtandao moja baada ya nyingine, kila mlango inauliza maswali yale yale. Haijui sisi ni nani. Hiyo ya mwisho wa dll ni ya seva za Windows, na yetu ni Linux. Ni kama mtu anapita kila boma la Lambwe anauliza, 'Ngamia wenu yuko wapi?'"

"Na wewe humjibu?"

"Seva inamjibu: hakuna ngamia. Anaenda. Kesho anakuja mwingine." Akacheka. "Nilipofika hapa nilikagua kama tunazo hizo programu zenye matundu. Moja ilikuwepo, nikaiondoa. Sasa hiyo yote ni kelele. Nikikaa kuisoma, ramani haziendi. Mimi naangalia kama kuna aliyepewa kitu ambacho sikukiweka, au anayeuliza kama mtu anayetujua."

Kila Jumatatu aliandika amri moja fupi iliyotupa mistari yote ya 404, kisha akasoma iliyobaki akinywa chai. Mistari mia mbili na kitu ikatoweka kama haijawahi kuandikwa.

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka.

Maana yake, ndugu msomaji, palikuwa na ukuta ambao mtu angeweza kuandika chochote juu yake, na kila Jumatatu ulifutwa bila kusomwa! Katika bweni letu tulilipia kwa kufyeka nyasi kwa kila neno tulilochora mlangoni. Hapa ilitosha kukaa kwenye kompyuta ya Mniko mwenyewe akiwa ametoka, kufungua Netscape, programu ya kusomea tovuti, kuandika anwani ya seva yetu, kisha alama ya mkwaju, kisha maoni yangu kuhusu uongozi. Seva ilijibu kwa adabu kwamba kitu hicho hakipo, na kukiandika.

Nikaomba `/madam-bathsheba-anarara-mkutanoni`. Niliandika kwa r, kwa lafudhi ya mwalimu wangu, kwa sababu ilinichekesha zaidi. Siku ya pili nikaomba `/madam-anakura-samaki-ya-wageni`. Kazi ya sanaa, na nyingine zikafuata.

Madam Bathsheba alikuwa mkurugenzi wetu. Alivaa kofia hata ndani ya nyumba. Wiki hiyo alikuwa amesoma gazetini kuhusu wahalifu wa kompyuta, na Ijumaa asubuhi, kabla ya kupeleka fomu za kuongezea mikataba makao makuu Migori, alimwagiza Mniko achape logi. Siyo ile iliyosafishwa. Yote.

Fomu ya Mniko ilikuwa miongoni mwa hizo. Mkataba wake ungeisha mwisho wa mwezi. Mkewe Rael alikuwa amejifungua Julai, na sisi sote tulikuwa tumepitishiwa picha ya mtoto mpaka ikakunjika pembe.

Tuliitwa chumba cha mikutano. Karatasi zilikuwa mezani, ndefu, zimeunganishwa, zenye vitobo pembeni. Madam alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu.

"Mniko," akasema. "Mara mia mbili na kumi na nne watu wameomba nywila zetu na vitu ambavyo hata sivijui. Uliniambia seva iko sawa."

"Iko sawa, Madam. Hizo ni kelele." Akamweleza kama alivyonieleza mimi, polepole, hadi kwenye ngamia. Aunty Phelesia alitabasamu kwa ngamia. Nikaona Madam naye anaanza kulegea.

"Kwa hivyo hizi mashine hazitujui."

"Hazitujui kabisa, Madam. Hata jina."

Madam akafunua ukurasa wa pili. "Basi nisomee hii."

Mniko akainama. Nilimwona akisoma. Masikio yake yalibadilika rangi kabla ya uso.

"Soma kwa sauti."

"Madam Bathsheba anarara mkutanoni," akasema Mniko.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, mtunzi. Nilikuwa nimefanya jambo baya zaidi ya matusi. Mniko alikuwa amesema ukweli kuhusu mistari mia mbili na kitu, na sasa ukweli wake ulionekana uongo kwa sababu yangu.

"Mashine ya Ulaya inanijua jina," akasema Madam. "Inajua ninalala mkutanoni. Na tena, nani katika ofisi hii husema 'anarara'?"

Macho yote yakaenda mahali pamoja.

"Mimi huongea hivyo, Madam," akasema Mniko kwa sauti ya chini. "Siandiki hivyo."

"Na hii namba hapa mwanzo wa mstari ni ya kompyuta gani? Mia moja tisini na mbili, mia moja sitini na nane, moja, nne?"

"Ya meza yangu."

"Yaye," akanong'ona Aunty Phelesia.

Madam akatoa fomu moja kutoka kwenye rundo na kuiweka kando, peke yake, kifudifudi. "Hii ya kulala mkutanoni imeandikwa Jumanne saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa nne Jumanne ulikuwa wapi?"

"Mezani kwangu."

Hapo, nakiri, nilipumua. Jumanne saa nne mimi nilikuwa sokoni na Aunty tukinunua nyanya, na muuza nyanya angeweza kuapa. Nilikuwa msafi kama sahani ya maonyesho. Nililazimika tu kunyamaza, na kunyamaza ni somo ambalo shule ya bweni hufundisha vizuri.

Nikaangalia fomu iliyolala kifudifudi. Nikaangalia vidole vya Mniko, vilivyokuwa vikitafuta mstari ule ule kwenye karatasi.

"Madam," akasema ghafla. "Hii saa si yetu. Waliofunga dishi walituagiza seva ifuate saa ya Greenwich. Ona, mwishoni kuna sifuri nne. Sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Saa nne ya hapa kwenye karatasi ni saa saba yetu. Saa saba mchana."

"Kwa hivyo?"

"Jumanne saa saba nilikuwa juu ya paa. Upepo ulikuwa umesukuma dishi." Akainua macho. "Wewe ndiye ulikuwa chini, Madam. Ulikuwa unaniambia nisikanyage bati lenye kutu."

Madam alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata chini ya kofia ile. "Ni kweli," akasema. "Nilishika ngazi. Basi nani alikuwa ofisini?"

Mniko alikuwa anatazama karatasi. Alikuwa ameshajua. Nilijua kwamba ameshajua, kwa sababu alitazama kila kitu chumbani isipokuwa mimi.

"Mimi nilienda nyumbani kula," akasema Aunty Phelesia. "Nilimwacha Mourine achunge simu." Kisha akasikia alichokisema. Akageuza kichwa taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa banda akijua kuku wameliwa. "Mourine. Nyathina, mwanangu. Sema si wewe."

Kwa miaka mitatu nimesimama mbele ya walimu wa zamu na kutoa hotuba za utetezi ambazo zingefaa kuhifadhiwa. Nilifungua mdomo nikitafuta mojawapo.

"Ni mimi, Madam," nikasema. "Mniko hakujua. Aliniambia mistari ya 404 haisomwi, nikaona nitaandika humo. Nilikaa kwenye kompyuta yake. Hiyo r niliiga, ili nicheke. Sikufikiria kwamba kuna mtu angemtazama yeye."

Mniko akaniangalia sasa. Afadhali angenitukana.

"Pole, Mniko," nikasema, na sauti yangu ikavunjika pasipo ruhusa yangu.

"Ulikuwa unasoma logi vizuri," akasema. "Ni bahati mbaya."

Madam Bathsheba akavuta ile fomu, akaigeuza, akaweka sahihi bila haraka, akairudisha katikati ya zile nyingine za kwenda Migori. Kisha akanisukumia karatasi ndefu na kalamu nyekundu.

"Zungushia zako zote. Nataka nijue zipi ni za mashine na zipi ni za shule ya bweni."

Nikazungushia. Kazi ile ilikuwa rahisi kwa aibu: za mashine zilikuwa tano tano ndani ya sekunde moja, kutoka namba za mbali, zikiuliza vitu ambavyo hatujawahi kuwa navyo. Zangu zilikuja moja moja, zikijua kila mtu kwa jina.

"Sita," akasema Madam, akihesabu maduara. "Nyingine zote ni kelele?"

Ningeweza kukubali. Mniko alikuwa ananitazama.

"Kuna ya saba, Madam," nikasema. "Ukurasa wa nne, chini kabisa. Inahusu kofia."