Koti la Sehemu ya Saba

Mpwa wake aliingia bila kubisha hodi, kompyuta kwapani, jasho limemjaa puani.

"Shikamoo mama mkubwa. Nimekwama."

"Marahaba. Kaa kwanza, ukwame vizuri."

Mama mkubwa alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwa miaka ishirini na mbili aliandika mchezo wa redio wa kila Alhamisi, robo saa kamili, mpaka mchezo ulipofutwa naye akastaafu. Mpwa wake, binti wa mdogo wake, alitengeneza tamthilia za kwenye simu: kila sehemu dakika moja, picha imesimama wima kama simu yenyewe. Mwandishi wake alikuwa ameacha kazi ghafla kwenda masomoni. Kesho yake, saa nane mchana, walitakiwa kupiga picha sehemu ya saba, na skripti iliyoachwa ilikuwa imelala doro.

Hadithi ilimhusu fundi cherehani ambaye mumewe alisemekana kuzama mtoni miaka kumi iliyopita, mwili usipatikane. Katika sehemu ya saba mama huyo alitakiwa agundue kwamba mume yu hai. Mwandishi alimleta jirani dukani, akasalimia, akaketi, akasimulia yote. Fundi akapiga kelele, akazimia.

Mama mkubwa alivua saa ya mkononi, akaiweka mezani, akaisoma skripti kwa sauti, kila mtu kwa sauti yake.

"Dakika mbili na sekunde kumi," alisema. "Salamu peke yake zimekula robo dakika."

"Na mtu asiposhikwa ndani ya sekunde tatu za kwanza, anasogeza kidole. Kaondoka."

"Sisi watu walikuwa wanazima pasi ili wasikilize." Alicheka kidogo. "Haya. Salamu tupa. Jirani tupa. Kuzimia tupa, mtu akishazimia hana la kufanya. Dukani wabaki watu wawili na kitu kimoja. Maneno themanini, yasizidi."

"Kitu gani?"

Hapo naye akakwama. Na kama ilivyokuwa kawaida yake kila alipokwama, akamkumbuka mtu wa vishindo.

Ndivyo walivyomwita studio. Kazi yake ilikuwa kuleta sauti za ulimwengu ndani ya chumba kisicho na dirisha: sanduku la kokoto kwa nyayo, beseni kwa mvua, na mlango mdogo uliosimama peke yake kwenye fremu, usioelekea popote. Kila mama mkubwa alipomletea ukurasa wa mwisho, alikuwa akiusoma na kuuliza swali moja tu: "Nani yuko nyuma ya mlango?" Akijibiwa "bado sijajua", anarudisha karatasi.

Kuna mara moja walidanganya. Mchezo uliishia na mlio wa bunduki. Wiki iliyofuata ikaonekana ni tairi lililopasuka. Barua zilikuja magunia mawili, matusi matupu. Mtu wa vishindo alizisoma zote kwa sauti, kwa lafudhi za walioziandika, mpaka mama mkubwa akacheka machozi yakamtoka. Mwaka ule ule akamuoa. Sasa ulikuwa mwaka wa sita tangu mama mkubwa amzike.

Mama mkubwa aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na koti la kijivu la marehemu. Akageuza bitana. Kwenye kwapa palikuwa na kiraka cha kitambaa cha bluu, kimeshonwa mshono wa kupanda na kushuka kama ngazi mbovu.

"Lilichanika kwenye msumari wa ule mlango wake," alisema. "Nilishona mwenyewe. Alinicheka, lakini hakukubali fundi aliguse. Niletewe makoti elfu, mshono wangu nitaujua kwa kidole."

Mpwa akafungua kompyuta polepole. "Mteja analeta koti," alisema.

"Tunaanzia kwenye mkasi. Mkasi uko kwenye uzi tayari. Mteja anasema, 'Kata tu.' Hapo ndipo kidole cha fundi kinagusa mshono."

Waliandika mpaka alasiri, mmoja akitaja, mwingine akifuta. Mteja alikuwa kijana mwenye haraka aliyetumwa na mwajiri wake. Alikuwa ameshaweka mezani koti na shati dogo la shule, akasema shati lipunguzwe mikono na kiraka cha koti kitolewe. Fundi anauliza nani alikishona. Kijana anasema hajui, ila mwenye koti kasema hataki kukiona tena. "Yuko hapo nje, muulize." Kitasa kinageuka. Mwisho.

"Hapo patamu!" mpwa alipiga meza. "Halafu sehemu ya nane mume anaingia."

"Nani yuko nyuma ya mlango?"

"Si mume?"

"Mume watamtegemea wote. Akiingia tu, swali limekufa. Tunaanza sekunde ile ile, kitasa kinageuka, anaingia mtoto. Anaenda kwenye lile shati. 'Baba kasema mnifanyie haraka.' Hatujamdanganya mtu: shati lilikuwa mezani muda wote. Sasa swali si kama yu hai. Swali ni aliondoka kwa hiari au la."

Siku ya pili aliwafuata kazini, kwenye kibanda cha fundi cherehani kilichojaa mabaki ya vitambaa. Waigizaji wawili, mpiga picha na simu yake kwenye kigoda cha miguu mitatu, mpwa na stopwochi, na lile koti la kijivu mezani. Mara ya kwanza ilitoka dakika moja na sekunde nane.

"Tukate wapi?" mpwa aliuliza.

Mama mkubwa alipitisha kalamu kwenye ukurasa. Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya fundi: "Mshono huu niliushona mimi, usiku wa kuamkia safari yake." Akaifuta.

"Jamani, hiyo si ndiyo yenyewe?" mwigizaji alilalamika.

"Ndiyo yenyewe. Kwa hiyo iseme kwa kidole."

Wakarudia. Mwigizaji aligusa mshono mara moja, akauacha, akaugusa tena. Sekunde hamsini na tisa. Mama mkubwa alikuwa amegeuka ukutani, anafuta miwani.

Sehemu ya saba ilipotoka, mpwa alimpigia simu kumsomea maoni. Watu walikuwa wakibishana kuhusu nani yuko nje, wengine wakimkataza fundi asikate. Mmoja tu aliuliza lile shati la shule ni la nani. "Huyo mtunze," mama mkubwa alisema. "Huyo anasikiliza."

"Lakini sehemu ya nane, mama mkubwa. Fundi anakata au hakati?"

Alijua jibu tangu mwanzo. Mwanamke aliyeambiwa kiraka chake hakitakiwi, mbele ya mtoto wa mumewe, angekata. Yeye akimzuia, itakuwa tena lile tairi lililopasuka.

"Anakata," alisema.

"Tunaweza kushona kiraka kingine cha kuigizia. Koti lako tusiliguse."

"Nani atashona vibaya namna ile?"

Basi akaenda mwenyewe. Mkono ulioonekana kwenye picha ile ya karibu, wenye mishipa na pete nyembamba, ulikuwa wake. Alikata uzi mmoja mmoja, bila haraka. Chini ya kiraka, pale palipochanika, msumari wa ule mlango ulikuwa umeacha alama ya kutu, ya kahawia, ndogo kama punje ya mtama. Mpwa alisema, "Kata!" yaani picha ikomee hapo, lakini mama mkubwa hakuinua kichwa. Aliendelea kuitazama, anatabasamu, na mpiga picha hakuzima kamera.