Aliyeshuka Kumfuata Januari

Huko sokoni Nyasubi watu walishatoa hukumu yao: marehemu Sikujua alijitakia kifo. Mkewe, Nyamizi, alitaka mahakama ya Kahama iseme vingine, basi. Neno lile lilimkaba kuliko kifo chenyewe.

Kisa hakikuwa na ubishi. Sikujua alikuwa fundi wa matimba, zile nguzo za miti zinazozuia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiporomoke. Siku Sikujua alipokuwa mapumzikoni, Cornel mwenye duara aling'oa nguzo za chini akazipeleka kwenye duara jipya, asimwambie mtu. Kesho yake udongo ukamfunika Januari, kijana mchimbaji. Sikujua akashuka, akamfukua, akamfunga kamba, Januari akavutwa juu akiwa hai. Kabla kamba haijarudi, duara likaziba, Sikujua akiwa ndani.

"Mama Vumilia," Edson, wakili wa Cornel, alimuuliza Nyamizi mahakamani, "marehemu angejua nguzo hazipo, asingeingia?"

Asteria, wakili wa Nyamizi, aliinuka kupinga, lakini mteja wake alikuwa ameshajibu.

"Angeingia. Mtu alikuwa analia chini."

Asteria akakaa taratibu. Kusema ukweli ni jambo zuri, ila ukweli nao una siku zake za kuja.

Wakati wa hoja za mwisho, Edson alichekelea. "Mchezaji akivunjika mguu kwenye mechi halali hamshtaki mtu, ameridhia. Huyu naye aliingia kwa hiari."

"Mchezaji huridhia rafu za mchezo," alijibu Asteria. "Hajaridhia mwenye uwanja achimbe shimo alifunike majani."

Siku ya hukumu hakimu alisoma polepole. Kujua hatari si sawa na kuiridhia, alisema, na Sikujua hata hakuambiwa. Zaidi ya hayo, anayekimbilia kuokoa uhai ulioponzwa na uzembe wa mwingine husukumwa na utu, na mzembe alipaswa kutarajia kwamba mwokoaji atakuja. Jibu la mjane halikumsafisha mdaiwa. Cornel alionekana kuwajibika kwa uzembe, akaamriwa awafidie mjane na mtoto.

Nje, Januari alimsogelea Nyamizi akiinama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Januari."

"Kuna kitu hakuna aliyeniuliza mle ndani. Shemeji alipofika chini alipapasa ukuta, akasema, 'Nguzo zangu ziko wapi?' Aliona, dada. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake. Nikamwambia tupande, akanifunga mimi."

Nyamizi alimtazama kijana huyu mzima, mwenye miguu na mikono yote. Mahakama ilikuwa imemwondolea mumewe lile neno la sokoni, naye alishukuru. Lakini sasa alijua kwamba Sikujua alipata nafasi ya kurudi nyumbani, akaishika mkononi, akampa mtu mwingine.

"Alinitaja?" aliuliza.

Januari alitikisa kichwa. Kumdanganya kungekuwa rahisi kabisa, ila hakuweza.