Kiboksi cha Daktari Kesho

Mbele yake walimwita Dokta. Akishageuza mgongo, idara nzima ya kemia, kuanzia mkuu wake hadi wafagiaji, ilimwita Daktari Kesho, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Asubuhi hiyo Sisimizi alikuwa amesimama mlangoni pake tena. Jina hilo la utani alilipata mwaka wa kwanza, kwa ajili ya umbo lake dogo na mikono yake isiyojua kukaa bure. Alikuwa amehitimu mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa anajitolea kwenye maabara ya idara, anaosha chupa na kuwaandalia wanafunzi wa chini yake mazoezi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Ile barua yako, sivyo? Si nilikwambia iandike mwenyewe uniletee nisaini? Kuna ugumu gani? Wenzako wote ndivyo wanavyofanya."

"Hawataki karatasi, Dokta. Wanataka uandike wewe, kwenye mtandao. Wamekutumia linki. Mwisho ni leo saa kumi na moja jioni."

"Linki!" Alivua miwani kama mtu aliyetukanwa. "Mimi linki sifungui. Mwenzangu wa fizikia kafungua moja, sasa hivi ndugu zake wote wanapokea maombi ya hela kwa jina lake. Njoo kesho tuliangalie vizuri."

"Kesho watakuwa wameshafunga."

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini aliisema.

Kwa maana hii haikuwa barua tu. Mwaka uliopita alikwenda ng'ambo wiki mbili, kwenye shule ya kiangazi ya chuo kikubwa. Alikaa ukumbini na vijana wengine sitini wakisikiliza mihadhara, wakatembezwa kwenye maabara zenye vioo, wakapiga picha ya pamoja, kila mmoja akapewa cheti. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alikitia cheti hicho kwenye fremu na kukitundika dukani, juu ya vitambaa vya wateja. Nusu ya mtaa iliamini Sisimizi ameshasoma ng'ambo na amerudi.

Ndiyo maana alipoomba nafasi za uzamili, na vyuo vyote vinne vikamkataa, shangazi alikasirika kuliko yeye.

"Si umeshafika kule? Si cheti chao wenyewe hiki hapa? Wanajifanya hawakujui?"

"Hawanijui, shangazi. Kweli hawanijui."

Alikuwa amemwandikia profesa mmoja wa ile shule ya kiangazi kumwomba barua. Profesa akamjibu kwa upole kwamba anachoweza kuthibitisha ni kuwa alihudhuria. Na mratibu wa chuo kimojawapo kati ya vile vinne alikuwa na huruma ya kumweleza ukweli: alama zake ni nzuri, lakini kati ya watu waliomwandikia hakuna hata mmoja aliyesema amemwona akifanya utafiti. Alimshauri atafute mafunzo ya vitendo kwenye maabara ya utafiti, akae wiki za kutosha, afanye kazi mpaka msimamizi wake amjue.

Basi akatafuta. Akapata mpango wa wiki kumi, unaopokea wanaosoma na waliohitimu karibuni, kwenye maabara ya kuchunguza maji ya mito. Nauli juu yao, malazi juu yao. Chuo chenyewe kina shule ya uzamili, na wanafunzi wengine wa pale walianzia kwenye wiki kumi hizo hizo. Hakuna aliyeahidiwa kitu, lakini wakati wa kuomba ukifika, kunakuwa na mtu wa kusema: huyu namfahamu, nimemwona kazini. Sisimizi alishatuma kila kitu. Barua ya mhadhiri wa takwimu ilishafika. Iliyobaki ilikuwa ya aliyemsimamia mradi wake wa mwisho, na aliyemsimamia alikuwa Daktari Kesho.

"Haya, keti basi, unifungulie hilo dubwana," alisema Dokta, akiisukuma kompyuta kana kwamba ni sahani ya chakula kilicholala.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Mpango ulikuwa haukubali anwani ya barua pepe isiyo ya chuo, na Dokta ile ya chuo hakuwa ameigusa tangu siku waliyompa. Pasiwedi haijui. Akaitwa kijana wa kompyuta. Kijana wa kompyuta yuko jengo la utawala. Jengo la utawala wako kwenye kikao. Sisimizi akaenda akakaa nje ya kikao, mabega yamemshuka kama mtu anayengoja kuhukumiwa, mpaka kijana akatoka.

"Daktari Kesho anataka imeili leo?" kijana alicheka. "Mvua itanyesha."

Alikuja, akabofya hapa na pale, akamwambia Dokta aandike pasiwedi mpya.

"Jina la mke wangu."

"Haikubali, Dokta. Weka na herufi kubwa."

"Mke wangu mfupi."

"Na namba. Na alama."

"Alama gani? Ya kuuliza? Maana mimi ndiyo nabaki kuuliza."

Ilipofunguka, linki ilikutwa imetupwa kwenye folda ya takataka, pamoja na wito wa vikao vya miaka mitatu. "Kumbe walikuwa wananiita," alisema Dokta, kwa mshangao wa kweli.

Saa nane ilikuwa imepita. Fomu ikafunguka. Sisimizi akageuza kiti chake akaelekea ukutani.

"Unafanya nini?"

"Nilisaini kwamba sitasoma utakachoandika, Dokta. Ni siri yako na wao. Mimi nipo hapa kwa ajili ya kompyuta tu."

"Mambo ya ajabu." Kikafuata kidole kimoja kikidonoa vitufe. Kisha, kwa sauti ya darasani, Dokta akaanza kusoma: "Mlinganishe mwombaji na wanafunzi wote uliowahi kuwafundisha. Asilimia moja ya juu kabisa. Tano. Kumi. Ishirini na tano..."

"Dokta, usinisomee!"

"Nafikiri kwa mdomo. Ishirini na tano. Hapo panatosha, wasije wakaona tunajisifu."

Sisimizi aliutazama ukuta. Ulikuwa na ufa mwembamba ulioshuka kutoka kwenye swichi ya feni. Alijua, kwa kuwa watu wa mpango ule walishaeleza kwenye kikao cha mtandaoni, kwamba huko tiki kwenye kiboksi cha ishirini na tano, yaani robo nzima ya juu, inasomwa kama kusema: msimchukue. Alijua pia kwamba Dokta huyu, tangu aanze kufundisha, hajawahi kumpa mtu themanini. Kwake sabini ilikuwa mbingu. Mradi wa Sisimizi aliupa sabini na mbili, na idara nzima ikaja kumpa mkono.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikokuzoea. Darasani aliandika majibu ya maswali pembezoni mwa daftari na kuwaacha wengine wayajibu vibaya. Lakini alichoka. Alichoka na ule ukuta, na kile kikao, na lile neno kesho, mpaka uchovu ukawa mkubwa kuliko aibu.

"Dokta," alisema bila kugeuka, "siombi unipandishe. Ila wanaosoma fomu hiyo hawajui kama hapa kwetu sabini ndiyo mwisho wa ngazi. Wenzangu wa nchi nyingine wanawekewa kiboksi cha juu na walimu wanaogawa tisini kama pipi. Wewe jiulize tu swali lenyewe lililoandikwa. Wanafunzi wote uliowafundisha. Wangapi walinipita?"

Kidole kikaacha kudonoa.

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, Dokta."

"Unanifundisha kazi yangu, ofisini kwangu, umenigeuzia mgongo."

"Samahani, Dokta."

Kiti kililia. Alikuwa ameegemea nyuma. "Mmoja," alisema. "Kulikuwa na mmoja zamani, kijana mrefu, yuko wapi sijui. Labda wawili." Aliposoma kilichofuata, sauti ilikuwa imeshuka. "Toa mfano mmoja wa namna mwombaji alivyokabiliana na tatizo katika utafiti."

Sisimizi aliukumbuka mfano, na alijua Dokta naye anaukumbuka, kwa kuwa hakumsemesha wiki nzima baada ya tukio lile. Vipimo vya maji ya mto alivyokuwa Dokta ameshavisoma kwenye mkutano, mbele za watu, vilikuwa na kasoro. Ile chupa ya maji ya kulinganishia, ambayo nguvu yake inapaswa kujulikana kabla mashine haijapima chochote, ilikaa muda mrefu na kizibo kilicholegea. Maji yakapungua kwa kukauka, dawa iliyobaki ikawa kali kuliko lebo ilivyosema, na kila sampuli ikaonekana safi kuliko ilivyo. Sisimizi alitengeneza nyingine mpya, akarudia vipimo vyote, akangoja wenzake waondoke, ndipo akamwambia.

"Toka nje," alisema Dokta.

"Dokta?"

"Toka nje, nafunga mlango. Si umesema siri?"

Alikaa kwenye benchi la korido. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Imenitoa! Nimeandika aya mbili nzima, imenitoa!" Sisimizi akaingia, akafumba macho nusu, akamfungulia upya, akamwonyesha kitufe cha kuhifadhi, akatoka. Kidole kikaanza tena kudonoa. Saa kumi ikapita. Alitamani kulia, kisha akatamani kucheka, kisha akaona hata nguvu za kuchagua hana.

Simu yake ilitetema kabla ya kumi na moja: barua zote mbili zimepokelewa. Dokta akatoka amebeba mkoba.

"Asante sana, Dokta."

"Usinishukuru. Nimeandika kilichotokea." Akafunga mlango kwa funguo. "Na usiniulize kiboksi."

Wiki chache baadaye, kwenye usaili, mama mmoja mwenye nywele za mvi alimwuliza kwenye skrini: mwalimu wako anasema ulimkosoa, na kwamba ulikuwa sahihi. Ulijuaje kwamba tatizo halikuwa wewe? Sisimizi aliutazama mkono wake juu ya meza ya cherehani, akaeleza alivyorudia vipimo kwa chupa zote mbili, ile ya zamani na ile mpya, siku moja, mashine moja. Alieleza muda mrefu. Hakuna aliyemkatiza, na alipomaliza yule mama alikuwa anaandika.

Jibu la kukubaliwa lilipofika, shangazi aliacha nguo ya mteja chini ya sindano na kumkumbatia mpaka akakosa pumzi.

"Sasa ndiyo masta!"

"Hapana, shangazi. Ni mafunzo. Wiki kumi."

"Halafu masta."

"Halafu naomba. Kama kawaida, na watu wengine."

"Unaomba tena?" Shangazi alimwachia. "Upya?"

"Upya. Ila safari hii kutakuwa na mtu wa kule aliyeniona nafanya kazi."

"Na barua je?"

"Tatu."

Shangazi aliketi taratibu kwenye kiti chake, akaitazama ile fremu ukutani, akamtazama mpwa wake. "Tatu," alisema. "Na mmojawapo ni yule bwana?"

"Ndiye anayejua mradi wangu, shangazi."

"Basi kamwambie leo," alisema shangazi, akiinuka kumsukuma mlangoni kwa mikono miwili. "Leo hii. Nenda, mwanangu, kabla hajafunga ofisi."